Upele Usiowasha: Maneno Machache kwa Vijana Wanaoanza Kliniki ya Ngozi

Wiki hii nilifungua faili la mzee aliyelazwa kwa kiharusi nikakuta imeandikwa soriasisi, na chini yake steroidi ya klobetasoli, kupaka mara mbili kwa siku. Aliyeandika ni kijana makini, tena mwenye mwandiko unaosomeka, jambo ambalo katika fani yetu ni nadra. Mikono ya mzee ilikuwa imefunikwa na vigaga vinene vya rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano, vimepasuka kwenye maungio ya vidole, na juu ya shuka la bluu, pale kiwiko kilipolala, palikuwa na unga wa magamba ambao mhudumu alikuwa akiukung'uta sakafuni kila asubuhi. Nilipouliza kwa nini hakufikiria upele wa utitiri, nikajibiwa, "Hajikuni, daktari." Jibu hilo hulitoa kila kundi jipya linaloingia wodini, na kwa kuwa nimechoka kulisahihisha mmoja mmoja kitandani kwa mgonjwa, nimeona niliandikie.

1. Kutowashwa hakuondoi upele. Muwasho mnaousoma vitabuni ni kazi ya kinga ya mwili inayopambana na utitiri, mayai yake na kinyesi chake. Mtu mwenye kinga timamu hubaki na utitiri jike kumi hadi kumi na watano tu mwilini, kwa sababu kinga yake inaubana na kucha zake zinaung'oa. Kinga ikilegea, utitiri huzaana bila kizuizi hadi kufikia maelfu, na wakati mwingine mamilioni, na ngozi hujibu kwa kujijenga unene juu yake; huo ndio upele wa vigaga. Wahenga waliosema upele humwota asiye na kucha walikuwa na lao moyoni, lakini katika ugonjwa huu usemi huo unakaribia kuwa maelezo ya kitabibu, maana aliyepooza asiyeweza kujikuna, na mwenye ukoma asiyehisi ngozi yake, ndio hasa wanaoota vigaga. Madaktari Danielssen na Boeck, walioueleza ugonjwa huu mwaka 1848, waliuona kwa wagonjwa wa ukoma nchini Norwe, na ndiyo sababu wazee wetu wa fani waliuita upele wa Norwe kana kwamba huku kwetu haupo. Kwetu mtauona zaidi kwa wenye VVU walioacha dawa, kwa wanaomeza prednisoloni muda mrefu, kwa wenye saratani za damu, kwa wenye sindromu ya Down na kwa wazee dhaifu. Wapo pia wanaowashwa vikali, kwa hiyo muwasho usiwe hakimu wenu kwa upande wowote.

2. Kwangueni kwanza, mpake baadaye. Steroidi kwenye upele wa vigaga hutuliza wekundu, huinyamazisha kinga iliyobaki pale kwenye ngozi, na kuwaachia utitiri uwanja. Mgonjwa huonekana nafuu kwa siku chache kisha hurudi akiwa mbaya maradufu. Kabla hamjaandika soriasisi, tazameni katikati ya vidole, chini ya kucha, viwiko, matako na utosini. Vaeni glavu na gauni la mikono mirefu, chukueni kisu kidogo, kwangueni kigaga pamoja na uchafu wa chini ya ukucha, mweke kwenye kioo chenye tone la parafini ya maji, kisha mkatazame kwa hadubini. Kwenye upele wa kawaida unaweza kutafuta utitiri mmoja hadi macho yakauma. Kwenye vigaga utaona wazima, mayai na vinyesi vimejazana katika duara moja la hadubini, na hutahitaji mwalimu kukuthibitishia. Na msipojua kinga ya mgonjwa imeangushwa na nini, shaurini kipimo cha VVU siku hiyo hiyo.

3. Dozi moja haitoshi, na ipo sababu. Nichukue mfano wa bibi mmoja ambaye nitamrudia hapa chini, maana yeye ndiye aliyenifundisha sehemu kubwa ya haya. Alikuwa na kilo 42, akimeza prednisoloni ya viungo iliyokuwa ikinunuliwa duka la dawa bila mtu kumfuatilia. Ivermektini, dawa ya kumeza ya kuua utitiri, ni mikrogramu 200 kwa kila kilo, hivyo kwake ni miligramu 8.4, nasi tukampa vidonge vitatu vya miligramu 3, pamoja na chakula kwa kuwa chakula huongeza dawa inayoingia mwilini. Dawa hii haiui mayai, na mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, kwa hiyo hutolewa siku ya 1, ya 2 na ya 8. Vigaga vikiwa vingi mnaongeza siku ya 9 na ya 15, na kwa hali mbaya kabisa siku ya 22 na ya 29. Pamoja nayo, permethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima, kichwa na uso vikiwemo ila si machoni, kila siku kwa siku saba, kisha mara mbili kwa wiki mpaka apone. Lakini dawa haipenyi kigaga kinene. Mgonjwa aloweke mikono na miguu kwenye maji ya uvuguvugu, apakwe marhamu ya asidi ya salisiliki ili vigaga vilainike, avisugue taratibu na kuoga, ndipo jioni apakwe permethrini. Angalieni mipasuko pia: bakteria huingilia hapo, na wengi wa wanaokufa kwa ugonjwa huu huuawa na sumu ya damu, si na utitiri. Homa au usaha ni antibiotiki bila kusubiri raundi ya kesho.

4. Mgonjwa wenu ni nyumba nzima. Hapa ndipo nilipoanguka, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu mnaanguka hapo hapo.

Bibi yule alitoka wodini akiwa safi. Vigaga vilikuwa vimeisha, tulikwangua tena hatukuona kitu, prednisoloni tulikuwa tumeanza kuipunguza kwa utaratibu, nami nilijiona daktari kamili. Siku ya kumruhusu nilimwita binti yake nikamwambia neno ambalo hadi leo nikilikumbuka najisikia vibaya: "Nyumbani, yeyote anayewashwa aje achukue dawa." Binti aliitikia "Sawa, daktari," akaenda zake na bomba mbili za permethrini kwa ajili yake na mume wake, ambao kweli walikuwa wakijikuna.

Sikuuliza bibi analala na nani. Alikuwa akilala na mjukuu wa miaka minne, kitanda kimoja, shuka moja, na mtoto yule hakuwa akiwashwa hata kidogo. Nilijua, kwa maana ya kujua kwa kufaulia mtihani, kwamba anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa, na kwamba muda wote huo anaweza kuambukiza wengine. Kujua huko hakukufika kwenye ulimi wangu. Sikuuliza pia nani humwogesha. Ilikuwa kazi ya dada wa kazi, msichana aliyekuwa amebeba mikono ile yenye vigaga kila siku bila glavu, na ambaye wakati namruhusu bibi alikuwa amekwenda kwao likizo kijijini.

Bibi alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa na vigaga vipya viwikoni na kwenye nyayo. Nilipomwona, wazo langu la kwanza, naona aibu kuliandika, lilikuwa kwamba hawakupaka dawa vizuri. Nikaanza kumhoji binti kwa sauti ya mtu anayekagua daftari la mwanafunzi, naye akanijibu kwa upole, "Daktari, tulifanya kama ulivyosema. Wasiowashwa hatukuwagusa." Mjukuu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, sasa anajikuna kiunoni na katikati ya vidole. Dada wa kazi alikuwa amerejea kutoka likizo akijikuna, na baadaye tukasikia kwamba wadogo zake kule kijijini nao wameanza. Wodini kwetu wahudumu wawili walikuwa wakijikuna mikono, nao walikuwa wakipakana losheni ya mzio. Mimi nilimtibu mtu mmoja, na upele ukaendelea na safari.

Mara ya pili tulifanya inavyotakiwa. Tulimwomba binti ataje kila anayelala ndani ya nyumba ile, kila anayemgusa bibi, na kila aliyemtembelea na kumshika, kisha tukapanga jioni moja ambayo wote watapaka permethrini kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, watoto na wazee pamoja na kichwa, walale nayo, waoge asubuhi, na warudie baada ya siku saba, mwenye muwasho na asiye nao. Mjukuu alikuwa na kilo 14, chini ya kilo 15, kwa hiyo ivermektini haikumhusu. Hata mjamzito hapewi, wote hao permethrini inawatosha. Dada wa kazi alipewa za kupeleka kwao. Wahudumu tuliwapa siku hiyo hiyo, wakiwa na kinyongo cha haki kabisa.

Basi msiandike "familia ipewe ushauri" mkadhani mmefanya kazi. Andikeni idadi ya watu, uzito wa kila mtoto, nani mjamzito, na tarehe ya jioni watakayopaka. Mmoja akipaka Jumamosi na mwingine Jumanne, utitiri huhama kati yao na mtakuwa mmegawa dawa bure. Tena anayeambukizwa na mwenye vigaga kwa kawaida hupata upele wa kawaida wenye muwasho, kwa hiyo familia haitaona kwamba ni ugonjwa ule ule wa bibi msipowaambia.

5. Nguo na vifaa. Kwenye upele wa kawaida vitu si hatari sana, kwa kuwa maambukizi yanahitaji kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda. Kwenye vigaga magamba yanayoanguka hubeba utitiri hai. Shuka, kanga na taulo zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu, nami kwa mwenye vigaga husema wiki nzima. Mkanda wa mashine ya presha msiupeleke kitanda cha jirani. Na magamba hayakung'utwi, yanafutwa kwa kitambaa chenye maji.

6. Jueni lini mmemaliza. Muwasho waweza kubaki kwa wiki mbili hadi nne baada ya utitiri kufa, kwa hiyo kwa wanafamilia msikimbilie kuwapaka tena na tena mpaka ngozi ikachubuka. Angalieni kama kuna vipele vipya. Kwa mwenye vigaga kinachoamua ni kukwangua upya, na mahali pa mwisho kusafishika ni chini ya kucha. Kateni kucha fupi, vipande vichomwe, permethrini isuguliwe chini yake kwa mswaki laini ambao utatupwa baadaye, na kabla ya kumruhusu mgonjwa chukueni sampuli chini ya ukucha ulionenepa kuliko zote.