Slaida ya sauti: kwa nini nusu haisikiki kama nusu

Swali: "Wakuu, natengeneza gemu ya simu kwa Unity. Slaida ya muziki kwenye seting inanisumbua: kutoka 100 hadi 40 sauti haibadiliki sana, halafu ikifika chini ya 10 inakatika ghafla. Nilishauriwa nigeuze thamani kuwa desibeli kwa Log10 mara 20. Nimefanya hivyo na hali ni ileile. Nakosea wapi?"

Mkuu, mstari uliopewa ni sahihi kihesabu, ila hautibu ugonjwa huo. Nilipambana na jambo hili tulipokuwa tunatengeneza gemu ya bao na mwenzangu, na kilichonisaidia ni kufuatilia namba moja mwanzo hadi mwisho. Tufanye hivyo hapa. Bila shaka kodi yako inafanana na hii:

```csharp
miksa.SetFloat("SautiMuziki", Mathf.Log10(x) * 20f);
```

Tuseme mchezaji ameweka slaida katikati, x ni 0.5. Logi ya 0.5 ni -0.301, ukizidisha kwa 20 unapata -6. Miksa inapokea -6, lakini haiwezi kupeleka desibeli kwenye spika. Lazima izigeuze tena ziwe namba ya kuzidishia wimbi la sauti, na njia yake ni 10 kwa kipeo cha desibeli gawa kwa 20. Ukiipa -6 inapata 0.5. Yaani umeingiza 0.5, ikapanda ngazi kwenda kwenye desibeli, ikashuka ngazi ileile, ikatoka 0.5. Ule mstari ni tafsiri tu ya lugha ambayo miksa inaielewa. Mkunjo haupo. Slaida yako bado inazidisha kimo cha wimbi moja kwa moja, sawasawa na mtu ambaye hajawahi kusikia habari za desibeli.

Na kimo cha wimbi ndicho kinacholeta hisia hiyo unayoieleza, kwa sababu sikio halihesabu kwa kujumlisha na kutoa, linahesabu kwa uwiano. Kwa sauti za kawaida, inabidi ushuke takriban desibeli 10 ndipo msikilizaji aseme sauti imepungua kufikia nusu. Sasa angalia slaida yako inafanya nini. Kutoka 100 hadi 90 inashusha desibeli 0.9, na mabadiliko ya desibeli moja ni madogo kiasi kwamba wengi hawayasikii wakiwa hawajaambiwa. Katikati imeshuka 6 tu, kwa hiyo mchezaji anasikia kama theluthi mbili za sauti ya mwanzo ingali pale. Akifika 10 imeshuka 20, yaani nusu ya nusu. Maana yake robo nzima ya sauti anayoisikia imebanwa kwenye ile sehemu ya kumi ya mwisho, na kidole kikisogea kidogo tu hapo, kimya. Simu yako haina tatizo, na faili la muziki halina tatizo.

Mafundi redio wanalijua jambo hili kabla ya sisi watu wa kodi. Voliumu ya kuzungusha ya amplifaya huwa imeandikwa kitu kama A50K au B50K. Kwenye vipuri vingi vinavyotoka Asia, B ni ile ambayo ukinzani wake unapanda sawasawa, na A ni ile iliyokunjwa kwa ajili ya sauti: ukiizungusha hadi katikati inapitisha kati ya asilimia 10 na 20 tu ya wimbi. Fundi akifunga B mahali pa A, mteja atarudi na malalamiko yako haya haya: imewashwa kidogo tu inapiga kelele, halafu mzunguko wote uliobaki hauna kazi. Wewe kwa sasa una B. Unachotafuta ni A.

Tiba ni kubadili namba moja. Badala ya 20, weka 60:

```csharp
public void WekaMuziki(float x)
{
    float db = -80f;
    if (x > 0f)
        db = Mathf.Max(-80f, 60f * Mathf.Log10(x));
    miksa.SetFloat("SautiMuziki", db);
}
```

Kwa nini 60? Kuzidisha logi kwa 3 ni sawa na kupandisha x kwenye kipeo cha tatu kabla ya kuchukua logi. Kwa hiyo safari hii ngazi ya kupanda na ya kushuka hazilingani, na kinachotoka upande wa pili ni x mara x mara x. Katikati inatoka 0.125, yaani desibeli -18, palepale ilipo voliumu ya fundi. Kutoka 100 hadi 90 unashuka desibeli 2.7, na hizo mtu anazisikia. Kwenye 75 uko -7.5, kwenye 25 uko -36. Chini ya 5 hivi inagonga -80, ambayo ndiyo sakafu ya miksa ya Unity, na hapo ni kimya. Kile kipengele cha `if` ni muhimu kwa sababu logi ya sifuri haina mwisho kwenda chini, na hutaki kuipa miksa thamani kama hiyo.

Kipeo cha tatu sikukibuni mimi. PulseAudio, mfumo wa sauti uliotumika miaka mingi kwenye Linux, unageuza asilimia za voliumu kwa kipeo hichohicho. Ukitaka kushika vipimo vya maabara kwa ukali, nusu kamili ya usikivu inahitaji -10 katikati, na kipeo cha pili (weka 40 badala ya 60) kinakaribia hapo zaidi kwa kutoa -12. Mimi bado napenda cha tatu kwa muziki. Mtu anayecheza usiku na hedifoni anahitaji nafasi pana ya kuchagua kati ya "chini" na "chini sana", na kipeo cha tatu kinampa nafasi hiyo bila kuiua sehemu ya juu. Ila jaribu zote mbili kwenye spika ya simu yenyewe. Spika ndogo ndani ya daladala inafunikwa na kelele, na kila kilicho chini sana kinapotea, kwa hiyo mkunjo mkali mno unamnyima msafiri robo ya chini ya slaida.

Kuna njia ambayo utashauriwa na ambayo ningekuomba uiepuke: kuichukua slaida na kuitandaza moja kwa moja kutoka -80 hadi 0. Inaonekana ndiyo ya kitaalamu zaidi kwa sababu ni desibeli tupu. Lakini katikati yake ni -40, sauti iliyobaki ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya usikivu, na kwenye spika ya simu hiyo ni kama hakuna. Unapata tatizo lako likiwa limegeuzwa kichwa chini: kazi yote inafanyika juu, nusu ya chini imekufa. Ukiipenda njia hiyo, punguza upana uwe -50 hadi 0, kisha sifuri uishughulikie peke yake kwa kuruka hadi -80, la sivyo mchezaji mwenye hedifoni ataendelea kusikia muziki kwa mbali wakati slaida inasema sifuri.

Kutambua gemu yoyote inatumia mkunjo gani, usitegemee sikio peke yake. Fungua dirisha la Audio Mixer wakati gemu inacheza kwenye kompyuta, sogeza slaida hadi katikati, usome desibeli za kundi la muziki. Ukikuta -6, bado una mstari ulionyooka. Ukikuta -18, kipeo cha tatu kinafanya kazi. Ukikuta -40, kuna mtu ametandaza -80 hadi 0. Ukikuta -54 huku ukiwa umeandika 60, jua mkunjo umepita mara mbili: labda slaida yenyewe tayari inatoa thamani iliyopandishwa, na wewe umeipandisha tena. Baada ya namba kukubali, ndipo usikilize, na usitumie wimbo, kwa maana wimbo unapanda na kushuka wenyewe. Weka mvumo usiobadilika, hata feni uliyoirekodi, ushuke kumi kumi. Kila hatua inapaswa kusikika.

Kama unatumia `AudioSource.volume` bila miksa, sahau desibeli kabisa. Hiyo inapokea namba ya kuzidishia wimbi moja kwa moja, kwa hiyo ipe `x * x * x`, umemaliza.

Sasa, kama gemu yako tayari iko mikononi mwa watu, angalia ulichohifadhi. Mchezaji aliyekuwa ameweka 0.3 alikuwa anasikia -10.5. Ukibadilisha mkunjo bila kugusa namba yake, 0.3 ileile itampa -31, na atadhani toleo jipya limeua muziki. Badili thamani za zamani mara moja tu, toleo jipya linapofunguka kwa mara ya kwanza:

```csharp
float mpya = Mathf.Pow(zamani, 1f / 3f);
```

Kipeuo cha tatu cha 0.3 ni 0.67. Slaida yake itaonekana imesogea kulia, lakini sauti inabaki vilevile, na sauti ndiyo aliyoichagua. Kuanzia hapo hifadhi mahali pa slaida, kamwe usihifadhi desibeli, ili siku ukitaka kubadili mkunjo tena usianze kufumua namba. Unapozirudisha kwenye miksa gemu inapofunguka, fanya hivyo ndani ya `Start` badala ya `Awake`, kwa sababu `SetFloat` iliyoitwa ndani ya `Awake` huwa haishiki.

La mwisho ni kuhusu slaida kuu. Kama una ya jumla na ya muziki, na zote zina kipeo cha tatu, desibeli zake zinajumlishwa. Zote zikiwa katikati, muziki uko -36, chini kuliko mtu yeyote anavyotarajia. Kwenye bao tuliacha 60 kwenye slaida kuu, tukaweka 40 kwenye muziki na milio ya kete, na thamani ya kuanzia tukaiweka 0.8 kila mahali, siyo 0.5. Hapo muziki unaanza karibu na -10 kwa jumla, na mchezaji ana nafasi ya kupandisha na ya kushusha.