Unaachana na Meneja: Kamisheni ya Nyimbo Zilizotoka na Zilizobaki Studio

Kuvunja mkataba wa kipekee na meneja hakukati kamisheni yake siku hiyohiyo. Mikataba mingi humruhusu aendelee kulipwa kwa kazi zilizofanyika akiwa meneja wako, hata akishaondoka. Hilo peke yake si dhuluma. Kama alihangaika hadi wimbo ukajulikana na fedha zikachelewa kuingia, jasho lake limo. Tatizo ni kifungu kisichotaja mwisho, kwa sababu wimbo mmoja unaweza kuleta mrabaha kwa miongo kadhaa, na asilimia 20 isiyo na tarehe ya kukoma itaufuata hadi kwa warithi wako.

Anza na notisi. Mara nyingi ni ya siku 30 hadi 90, na mkataba husema iandikwe vipi na ipelekwe wapi. Ukituma ujumbe wa simu wakati mkataba unataka barua, meneja anaweza kudai kwamba siku hazijaanza kuhesabiwa. Hapo kila wimbo unaorekodi wiki hizo unaingia kwenye fungu lake. Kama unaweza kusubiri, usiingie studio mpaka tarehe ya mwisho ikubaliwe kwa maandishi.

Baada ya hapo tengeneza orodha ya nyimbo, kwa sababu maneno kama “kazi zote za kipindi cha mkataba” ndiyo huzaa kesi. Je, wimbo ulioandikwa mwaka jana ukarekodiwa mwaka kesho ni wa kipindi gani? Orodha huumaliza ubishi huo. Andika jina la kila wimbo, tarehe ya kurekodiwa, umefikia wapi, na namba ya ISRC inayoitambulisha rekodi, kama ipo, kisha uiambatanishe na makubaliano ya kuachana.

Tuseme msanii ana nyimbo 14. Nane zimeshatoka, nne zimekamilika lakini hazijatoka, mbili ni demo za simu tu. Zile nane, meneja apate asilimia 20 mwaka wa kwanza baada ya kuachana, 10 mwaka wa pili, 5 wa tatu, kisha basi. Demo mbili zisiwe na kamisheni kabisa, kwa kuwa kazi ya kuzifanya zilipe itafanywa na mtu mwingine.

Mvutano utakuwa kwenye zile nne. Miaka ikihesabiwa tangu siku ya kuachana, msanii anaweza kuzifungia kabatini hadi muda upite, na meneja mzoefu analijua hilo. Ikihesabiwa tangu siku wimbo unapotoka bila kikomo, wewe ndiye umefungwa: ukiutoa baada ya miaka sita, deni linaamka upya. Suluhu ninayoiona ya haki ni asilimia 10 kwa mwaka mmoja tangu wimbo utoke, mradi utoke ndani ya miezi 18 ya kuachana. Ukitoka baada ya hapo, hadai kitu. Ukirekodiwa upya na prodyuza mwingine, andikeni mapema kama unahesabika wa zamani au mpya. Wengi husahau hili.

Angalia pia asilimia inakatwa kwenye nini. Lebo ikitoa malipo ya awali ya 1,000,000 na 600,000 zikaenda studio na kwa prodyuza, asilimia 20 ya jumla ni 200,000, yaani nusu ya zile 400,000 zilizobaki mkononi mwako. Ikikatwa baada ya gharama ni 80,000. Na kama ulisaini na lebo wakati wake, kamisheni iishie kwenye albamu zilizorekodiwa wakati wake, isiguse zile ambazo lebo ina hiari ya kuziagiza baadaye.

Meneja mpya naye atataka asilimia 20. Usipomwonyesha orodha kabla ya kusaini, nyimbo za zamani zitakukata 40. Mwambie wazi kwamba kwa nyimbo zile jumla ya mameneja wote haizidi 20: wa zamani akichukua 10, wa sasa achukue 10 zilizobaki.

Mwisho ni mkondo wa fedha. Kama mrabaha ulikuwa unapitia akaunti ya meneja, mwandikie msambazaji, lebo na chama cha hakimiliki kuwa malipo yaje kwako, nawe ndiye utakayemlipa sehemu yake kila robo mwaka pamoja na taarifa ya hesabu. Futa kwa maandishi idhini yoyote uliyompa ya kusaini kwa niaba yako. Kagua pia usajili wa kila wimbo: meneja aliyeandikwa kama mtunzi mwenza ataendelea kulipwa hata kamisheni ikiisha, kwa sababu hiyo si kamisheni tena, ni umiliki. Jina hilo liondolewe kabla hujasaini makubaliano ya kuachana, wakati bado kuna jambo analolihitaji kutoka kwako.