Chaja nyingi kwenye ekstensheni moja

"Nina chaja nne za simu na mbili za kompyuta mpakato kwenye ekstensheni moja. Je, nikichomeka na birika la umeme nitaiunguza?"

Chaja zenyewe hazina shida, ila birika lichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kila chaja mbele ya neno INPUT, kisha uzijumlishe: zikiwa ni 0.5 kwa kila chaja ya simu na 1.5 kwa kila chaja ya kompyuta, jumla ni ampea 5, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho chaja hizo zinaweza kuvuta. Birika la wati 2000, ukigawa kwa volti 230, linaongeza ampea 8.7, na jumla inafika 13.7.

Wapo wanaosema kwamba fyuzi ya ampea 13 itakata kwanza, lakini wamepatia nusu tu, kwa sababu fyuzi hiyo huvumilia ziada ndogo kama hiyo kwa muda mrefu, na ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya wa 0.75 mm², unaofaa ampea 6 tu. Waya huo utachemka huku fyuzi ikiwa nzima, hasa ukiwa umeviringishwa. Kama kebo haina maandishi yoyote, mimi nisingevuka ampea 5, ingawa mafundi hawakubaliani kuhusu hilo.

Kuhusu adapta iliyochomekwa juu ya adapta nyingine, tatizo lake huenda ni mguso uliolegea: plagi ikiwa ya moto au imebadilika rangi kuwa kahawia, ibadilishe hata kama mzigo ni mdogo.