Zambarau Inapogeuka Waridi: Sekunde za Kiondoa Rangi katika Smia ya Gram

Ninyi mnaoanza kazi katika maabara ya bakteriolojia mtafundishwa hatua nne za rangi ya Gram, inayogawa bakteria katika makundi mawili, kwa siku moja, na tatu kati yake zitawasamehe mkikosea kidogo. Kristali vayoleti, rangi ya kwanza ya zambarau, ikikaa dakika moja au mbili, tofauti haitaonekana, na iodini ni vivyo hivyo. Hatua ya tatu, ile ya kuondoa rangi, hupimwa kwa sekunde, na hapo ndipo bakteria wa zambarau hugeuka waridi mikononi mwa mtu aliyefuata kila kitu kingine sawasawa.

Vayoleti na iodini huungana ndani ya bakteria. Bakteria wa Gram chanya, yule anayebaki zambarau, ana ukuta mnene, na spiriti ya kuondoa rangi inapoukausha ukuta huo, nafasi zake hujibana na muungano ule hunaswa ndani. Lakini hunaswa kwa muda tu: ukiendelea kumwaga, nao utatoka, kisha safranini, rangi ya hatua ya nne, itampaka waridi kama inavyompaka Gram hasi.

Mwanzoni mwa kazi yangu nililetewa maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa. Chupa ya spiriti ya asilimia 95 ilikuwa imekwisha, nikafungua nyingine yenye mchanganyiko wa asetoni na spiriti, nikahesabu hadi 20 kama nilivyozoea. Asetoni huondoa rangi upesi mno. Ikitumika peke yake, sekunde 2 au 3 hutosha. Chini ya hadubini niliona kokasi, bakteria wa mviringo, wawili wawili, wote waridi, nikaanza kuandika "diplokokasi Gram hasi", jibu linaloelekeza kwenye meningokokasi, mmoja wa bakteria wa homa ya uti wa mgongo.

Mwenzangu aliyenitangulia kazini aliomba kuangalia, akaniuliza mbona jozi zile zimechongoka. Meningokokasi hukaa kama maharagwe mawili yaliyotazamana kwa ubapa wao, ilhali wale wangu walifuatana kwa urefu, ncha zao za nje zikiwa zimechongoka. Alisogeza slaidi hadi penye unene kidogo, tukaona jozi za zambarau kando ya zile za waridi. Zambarau ya penye unene peke yake si ushahidi, kwa sababu hata Gram hasi hubaki zambarau pale kiondoa rangi kisipofika. Kwa hiyo alitazama kwanza viini vya seli nyeupe za eneo lile lile, navyo vilikuwa waridi safi, ishara kwamba kiondoa rangi kilifika. Nilitengeneza smia nyingine, yaani utando mwembamba wa sampuli kwenye slaidi, kutokana na mashapo yaleyale ya maji ya uti wa mgongo, nikaisuuza baada ya sekunde chache, na kokasi wote wakatoka zambarau. Kuotesha kwenye agari ya damu kulithibitisha kwamba ni nyumokokasi, ambaye ni Gram chanya. Jibu langu la kwanza lingewafanya watu wa nyumba ile wapewe dawa ya kinga ambayo ugonjwa wa nyumokokasi hauwadai.

Tangu siku ile husoma lebo ya chupa kabla ya kuhesabu chochote. Hukung'uta maji yote ya iodini, kwa kuwa maji yakibaki hukizimua kiondoa rangi na kuharibu hesabu. Kisha huinamisha slaidi juu ya sinki jeupe, nikadondosha kiondoa rangi kutoka juu huku chupa ya maji ikiwa tayari katika mkono wa pili, na mara matone yanayotoka chini yanapoacha kuwa na zambarau, husuuza papo hapo. Macho yako yawe kwenye matone hayo kuliko kwenye saa, maana smia nyembamba huachia rangi mapema kuliko nene.

Kila chupa inapobadilishwa, tia rangi slaidi ya udhibiti yenye stafilokokasi, ambao ni Gram chanya, na E. koli, ambao ni Gram hasi, pamoja, iwe nyembamba kama smia ya mgonjwa. Stafilokokasi wakitoka waridi, kosa liko mkononi mwako au kwenye chupa, nami huanza kuitazama iodini: ikiwa imepauka kutoka rangi ya chai ya rangi nzito hadi manjano, haitashika vayoleti hata ukiondoa rangi kwa uangalifu. Udhibiti ukiwa sahihi na smia ya mgonjwa bado ina mchanganyiko wa rangi katika mnyororo mmoja wa kokasi, uliza kama ameshapewa antibiotiki, au kama koloni ulilochukua limezeeka, kwa kuwa ukuta uliodhoofika hauzuii rangi.

Sampuli ikiwa imekwisha, slaidi yenyewe huweza kuokolewa. Ondoa mafuta ya hadubini kwa zailini, iache ikauke, kisha anza upya na kristali vayoleti hadi mwisho, na kwenye daftari uandike kwamba slaidi hiyo imerudiwa rangi.