Kuhama imeili bila kupoteza akaunti

"Nahamia imeili mpya. Nifanyeje nisipoteze akaunti zilizofunguliwa kwa Gmail ya zamani?"

Habari mkuu. Ya zamani usiifute. Tafuta humo "verify" na "welcome", utaona ulikojisajili.

Zinazosumbua ni zile ulizoingia kwa kitufe cha "Sign in with Google", maana nyingi hazina nywila yake. Ukiwa bado umo ndani, nenda kwenye mipangilio, weka nywila, badilisha imeili, kisha bofya kiungo cha uthibitisho kinachotumwa kwenye mpya. Toka, uingie kwa imeili mpya na nywila. Ukikuta akaunti tupu, huenda umebofya tena kile kitufe ikafunguliwa nyingine.

Gmail ya zamani iingie mara mojamoja; Google huweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2.