Kubadilisha rangi ya modeli Blender bila kuharibu UV: bajaji ya bluu ikawa ya njano

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, anasema "kaka nimenunua modeli ya bajaji ni ya bluu, mteja anataka njano, nikienda Base Color sioni hata kiboksi cha rangi, nikafuta picha nikaweka njano sasa bajaji yote njano mpaka matairi, nikapiga Smart UV Project ndo imekuwa balaa, maandishi yote yamehama." Nimecheka lakini sio kwa ubaya, maana hiyo kazi ndo nimetoka kuimaliza wiki hii hii, bajaji moja rangi nne, na mteja kalipa bila kurudisha hata renda moja. Nasema hivi kwa sababu kuna jamaa kwenye grupu fulani la wachora 3D alishawahi kuniambia mbele za watu kwamba kubadilisha rangi ni kazi ya mtoto, sio 3D hiyo. Sijasahau. Huyo huyo bajaji zake mpaka leo matairi yana rangi ya bodi.

Haya, kwanza elewa kwa nini kiboksi hakionekani. Modeli ya kununua mara nyingi rangi yake haitoki kwenye materiali, inatoka kwenye picha. Ukifungua Shader Editor utakuta nodi ya Image Texture imeunganishwa na waya mpaka kwenye Base Color ya Principled BSDF, na tundu likishachomekwa waya kile kiboksi cha rangi kinapotea, picha ndo inaamua. Ukifuta ile picha umefuta matairi, maandishi, kutu na mikwaruzo vyote kwa pamoja. Na ukigusa Smart UV Project umeichana ramani inayosema pikseli gani inakaa wapi, wakati ramani haikuwa na kosa lolote! Rangi inabadilishwa katikati ya ule waya, kati ya picha na Base Color. Hapo umbo haliguswi wala UV haiguswi, washa Statistics kwenye menyu ya Overlays uone, idadi ya Vertices na Faces ni ile ile kabla na baada.

Sasa watu wengi wakishajua hilo wanakimbilia kuweka nodi ya Mix Color katikati, wanaiweka Multiply, wanachagua njano, halafu wanapata bajaji nyeusi kama imetoka kuungua. Sababu ni hesabu tu. Multiply inazidisha, na kuzidisha kwa namba isiyozidi moja hakuwezi kuongeza mwanga hata siku moja. Tuseme bluu ya ile bodi ni 0.05 nyekundu, 0.10 kijani, 0.50 bluu, njano yako ni 1, 0.8, 0. Zidisha upate 0.05, 0.08, 0. Hiyo ni kijani nyeusi, njano iko wapi hapo? Hue/Saturation/Value nayo inasaidia kiasi, Hue ikiwa 0.5 hakuna kinachobadilika na ukiisogeza rangi zinazunguka, ila inazungusha kila kitu chenye rangi, na bodi ikiwa nyeupe au ya kijivu haifanyi lolote kwa sababu hakuna rangi ya kuzungusha.

Mimi naitoa rangi ya zamani kwanza, kama fundi anavyopiga msasa kabla ya kupuliza. Naweka RGB to BW baada ya picha, ile bluu inakuwa kijivu cha kama 0.12, giza sana bado, maana jicho linaona bluu kama rangi nzito na hiyo nodi inahesabu hivyo hivyo. Kwa hiyo baada yake naweka Color Ramp, nashika kile kishikio cheupe navuta kushoto mpaka Pos isome 0.15. Sasa kile kijivu cha 0.12 kimepanda mpaka 0.8, na mkwaruzo uliokuwa 0.06 umekuwa 0.4, yaani bodi imekuwa nyeupe-nyeupe lakini mikwaruzo bado ipo na inaonekana. Hapo ndo Multiply na njano inakubali, na hakikisha Factor ya Mix umeipandisha iwe 1, inakuja ikiwa 0.5 na watu wanalalamika rangi imepauka kumbe nusu tu ndo imeingia.

Bado matairi. Hapa ndo yule jamaa wa grupu hajawahi kufika. Unatengeneza picha ya pili, nyeusi tupu, saizi ile ile ya tekscha, unaingia Texture Paint unapaka nyeupe kwenye bodi tu, tairi na maandishi na taa unaviacha vyeusi. Kama bodi na sehemu nyingine zimeshikana kwenye meshi moja, chagua nyuso zake kwenye Edit Mode kwanza halafu washa Paint Mask, brashi haitatoka nje. Ihifadhi hiyo picha kama faili hapo hapo, maana kuhifadhi .blend peke yake hakuhifadhi ulichopaka. Halafu kwenye nodi yake Color Space weka Non-Color, hii sio rangi ni maelekezo. Mwisho inakuwa hivi:

```
Image Texture -> RGB to BW -> Color Ramp -> Mix Color (Multiply, Factor 1, B = njano)
Mix Color (Mix): A = Image Texture, B = matokeo ya Multiply, Factor = picha ya pili
-> Base Color
```

Ukiona kamstari ka bluu kwenye maungio ya bodi, ile nyeupe yako imeishia pembeni kabisa ya kisiwa cha UV, nenda Image Editor upitishe brashi pikseli chache nje ya mpaka. Na ukiwa kwenye Solid usihangaike kutafuta njano, hali hiyo haisomi nodi zako, nenda Material Preview.

Bajaji nne sasa. Ukinakili bajaji zote zinatumia materiali moja, ukibadili moja zote zinafuata, ndo maana kuna kanamba pembeni ya jina la materiali. Unaweza kukabonyeza ukapata nakala lakini utaishia na materiali nne za kusimamia. Mimi naweka nodi ya Object Info, nachomeka Color yake pale B ya Multiply, halafu rangi ya kila bajaji naichagua kwenye Object Properties, Viewport Display, Color. Materiali moja tu, rangi nne.

Mteja akisema njano imefifia kuliko nembo yake usianze kuongeza rangi. Tangu Blender 4.0 View Transform inakuja na AgX, inalainisha rangi kali. Kwenye Color Management weka Standard kisha linganisha tena.

Na kama modeli inaenda kwenye gemu usitume nodi, nyingi hazivuki kwenye faili la glTF. Cycles, Bake, chagua Diffuse, zima Direct na Indirect ubaki na Color, ongeza Image Texture mpya yenye picha tupu na iwe ndo iliyochaguliwa, kisha Bake. Inaandika njano yako juu ya UV ile ile ya mwanzo. Ila sehemu yenye Metallic 1 itatoka nyeusi, ishushe iwe 0 kwanza, ukimaliza kubeki unairudisha.