Yape mawazo saa yake, mbali na kitanda

*Shangazi, shikamoo. Nauza mitumba Owino, Kampala. Nikizima taa saa nne usiku, mawazo yanaanza mbio: ada ya mtoto, presha ya mama. Hadi saa nane bado niko macho. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Acha kuyafukuza. Ukijikataza kuwaza ada, itabidi ujikague kama bado unaiwaza, na kule kujikagua ndiko kunakoirudisha. Afadhali uyaahirishe. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake Marekani waliijaribu njia hii mwaka 1983: nusu saa ya kuwaza kila siku, saa ile ile, mahali pale pale.

Wewe chagua saa kumi na mbili jioni, ukishafunga kibanda. Kaa kwenye kiti, kamwe si kitandani, maana kitanda kikizoea hesabu za madeni hakitakuletea usingizi. Tumia daftari, si simu. Ujumbe mmoja wa mdai utakuvurugia yote.

Gawa ukurasa kwa mstari. Kushoto andika jambo, kulia hatua ya kwanza na siku yake. Kushoto: "Ada imebaki shilingi 200,000." Kulia usiandike "nitafute pesa", maana hiyo haina mwanzo. Andika: "Kesho saa tatu asubuhi nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa 100,000 Ijumaa." Kwa mama: "Jumamosi nihesabu vidonge vyake vilivyobaki." Lakini "je, akipata kiharusi?" halina hatua ya leo. Liandike, kaa nalo, kisha weka alama ya kesho. Nusu saa ikiisha, funga daftari hata kama hujamaliza.

Wazo likija mchana ukiwa na mteja, andika neno moja kwenye karatasi, jiambie "saa kumi na mbili," urudi kwenye nguo. Usiku fanya vivyo hivyo: jambo jipya neno moja, la zamani limo daftarini. Ukihisi umelala macho kama dakika 20, usitazame saa. Ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu ukunje nguo mpaka usingizi uje.

Wengi hukwama kwa kuruka miadi. Ukiruka jioni mbili tatu, akili inaacha kuiamini ahadi yako na kudai majibu usiku. Basi kaa hata siku ambayo huna la kuwaza; soma orodha ya jana, ufute yaliyokwisha. Wengine huandika "ada, ada, ada" bila upande wa kulia, na wanainuka wamechoka kuliko walivyokaa.

Jaribu wiki mbili bila kuruka. Kama umekuwa ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyo hivyo, kwa idadi. Na yakija mawazo ya kutotaka kuishi, usingoje wiki wala saa kumi na mbili: mwambie mtu wa karibu, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Butabika, hapo Kampala, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili.